Mlingoti wa Mkonge Kwenye Fremu

Kabla ya ajali nilikuwa mshonaji wa mikeka, kama mama yangu na bibi yangu. Kazi ya mkeka inataka ukae chini, miguu umeinyoosha. Siku bodaboda ilipoteleza kwenye barabara ya Mandera kuja Miono nikavunjika paja, kukaa chini kukawa kitu cha ndoto. Nilirudishwa nyumbani na chuma ndani ya mguu na amri ya kulala. Shamba likaota magugu, mume alikuwa ameshaondoka zamani, na deni la VICOBA likawa linasomwa kila mkutano huku mimi sipo. Namshukuru Mungu kwamba dada yangu alinilisha mimi na wanangu. Lakini kula kwa dada ni jambo moja, na kulala miezi ukihesabu mabati ni jambo lingine.

Aliyenitoa hapo ni binti mmoja wa jirani, aliyejifunza kufuma picha Bagamoyo mjini. Alikuja na fremu ya mbao, upana sentimita 40 na urefu 50, yenye misumari midogo juu na chini. Ukiilaza tumboni na kuiegemeza kwenye mto, unafanya kazi bila kukalia mguu. Alitandika uzi mnene wa pamba kutoka msumari wa juu hadi wa chini, nyuzi 2 kwa kila sentimita, umekazwa hadi ukiugonga kwa kidole unalia. Huo ndio mtande. Mshindio tuliupata kwenye masweta ya mitumba: unayafumua, unafua uzi kwa maji ya moto ili ule mkunjo wa sweta utoke, unauanika ukiwa umefungiwa kitu kizito. Mshindio unapita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, ukirudi unabadilisha, kisha unagandamizwa kwa uma wa mezani mpaka mtande wote unafunikwa. Usiuvute ukanyooka, uache upinde kama kilima kidogo kabla ya kuukandamiza, la sivyo kingo zinaingia ndani na picha inakuwa na kiuno.

Hayo ni mepesi. Ugumu unaanza rangi mbili zinapokutana.

Binti alinionyesha kibegi chake cha kwanza. Kilikuwa na nyumba nyekundu kwenye uwanja wa njano, na pale ukuta wa nyumba uliposimama wima palikuwa na mpasuko ambamo kidole kilipita. Sababu yake ni rahisi ukiiona mara moja. Uzi mwekundu unakwenda hadi mpaka wake na kugeuka, wa njano nao unafika mpaka wake na kugeuka kwenye uzi wa mtande ulio jirani. Hakuna kinachoziunganisha. Mpaka ukiwa mlalo hapana shida, rangi moja inakaa juu ya nyingine. Ukipanda kwa ngazi, ukisogea uzi mmoja wa mtande kila baada ya mipigo michache, mipasuko ni mifupi na haionekani. Wafumaji wa mazulia ya kilimu kule Uturuki wanaiacha mipasuko kwa makusudi, na wanachora kwa ngazi na pembe ili isiwe mirefu. Tatizo ni mstari wima ulio mrefu.

Na mimi, kwa ukaidi wangu, nilitaka kufuma mlingoti wa mkonge. Kwetu mashamba ya mkonge ni jambo la kawaida, tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouingiza mmea ule Tanganyika mwaka 1893. Mlingoti ni ule mti mmoja mrefu unaochomoza katikati ya majani. Ndiyo wima yenyewe.

Niliupa upana wa nyuzi 6 za mtande, yaani sentimita 3, na kimo cha sentimita 25. Pande zote mbili ni anga ya buluu. Kwa hiyo kuna vibunda vitatu vya uzi: anga ya kushoto, mlingoti, anga ya kulia, na mipasuko miwili ya sentimita 25 inayonisubiri.

Njia ya kwanza aliyonifundisha ni ya meno. Rangi zote mbili zinageukia uzi uleule wa mtande, mara hii buluu, mara ile kahawia, moja juu ya nyingine. Mpaka unafungwa kweli, lakini uzi ule mmoja unabeba mageuzi ya pande mbili wakati jirani zake wanabeba ya upande mmoja. Baada ya sentimita chache panavimba, na ukipitisha kiganja unasikia tuta. Dawa ni kutumia mshindio mwembamba zaidi, au kuyaweka meno hapa na pale tu, penginepo rangi zigeuke kila moja kwake, ili mpasuko ubaki mdogo usioonekana. Jambo la pili ni kwamba mpaka hauwi laini. Una meno kweli, kama ya msumeno. Mlingoti wangu haukutaka msumeno.

Njia ya pili ni kunasisha. Hapa rangi hazishiriki uzi wa mtande. Zinakutana katika nafasi iliyo kati ya nyuzi mbili, zinapitana kama ndoano, kisha kila moja inarudi kwake. Hapavimbi. Ila kuna sharti: vibunda vilivyo jirani lazima viende kwa kuelekeana. Katika mpigo wa kwanza anga ya kushoto inakwenda kulia na mlingoti unakwenda kushoto, vinakutana, nanasisha. Anga ya kulia wakati huo inakwenda kulia, inauacha mlingoti. Mpigo wa pili vyote vinageuka, na sasa mlingoti unakutana na anga ya kulia, nanasisha upande huo. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kibunda kimoja kikianza upande usio wake hakuna kukutana, na dalili yake utaiona mara moja: nyuzi mbili zinakimbia njia moja.

Mkono ndio unaoharibu au kutengeneza. Ukivuta buluu kuliko kahawia, nukta ya kahawia inachungulia ndani ya anga, na baada ya nukta tano mstari umepinda. Nilijifunza kusimamisha ile ndoano katikati ya nafasi kwa ncha ya sindano kabla sijagusa uma.

Kuna ujanja mwingine: kuilaza picha yote ubavuni, mlingoti ufumwe mlalo, mpasuko usizaliwe. Nilijaribu. Lakini mlingoti ukilala, ardhi chini yake inasimama, na mstari wa ardhi ndio mrefu kuliko wote. Isitoshe, picha ikitundikwa kama kawaida mpasuko wa ardhi unalala, uzito wa chini unauvuta, unafumbuka kama mdomo. Hapo nikatumia meno, matatu ya kijani kwa matatu ya buluu, kwa sababu mpaka wa ardhi ni nyasi, na nyasi zinapenda meno.

Deni la kikundi nimelimaliza. Natembea, ingawa kwa kuchechemea kidogo, na kukaa chini kwa mkeka bado kunaniuma. Mteja mmoja sasa anataka mlango wa kuchonga wa Bagamoyo, ule wenye nguzo ya katikati. Nimemwambia nitaufuma umesimama: mbavu za mlango zote kwa kunasisha, michongo ya fremu kwa meno, na asitegemee kuupata kabla ya mvua za masika. Amekubali na nusu ya pesa ameshatoa.