Jino Linalocheza

Hadithi hii nimeiandika wasomewe watoto wanaokaribia miaka 6, kwani aghalabu ndio umri ambao jino la kwanza hulegea. Mambo yaliyomo niliyapata kwa binti yangu na kwa daktari wa meno aliyemhudumia.

Asubuhi moja binti yangu aliuma andazi, akalirudisha sahanini. "Baba, jino langu linacheza." Nikachungulia. Jino la mbele la chini lilitikisika, na nyuma yake, upande wa ulimi, lilikuwa limechomoza jingine lenye ncha kama za msumeno. Kaka yake akapendekeza uzi na kitasa cha mlango. Mtoto akafumba mdomo, asiufumbue tena mpaka tulipofika kwa daktari.

Daktari hakuwa na haraka. Alikiinua kile kiti na kukishusha mara mbili ili mgeni wake akizoee, kisha akampa kioo kidogo chenye mpini akishike mwenyewe.

"Leo ninahesabu tu," alisema. Akahesabu meno 20 ya utoto na 1 jipya.

"Utaning'oa?"

"La. Kila jino lina mzizi ndani ya fizi. Jino jipya linapopanda, mzizi wa lile la zamani huyeyuka kidogo kidogo. Wako umebaki mfupi mno. Kila siku lisukume kwa ulimi, mbele na nyuma. Uzi usiutumie, maana jino ambalo halijawa tayari huchana fizi likivutwa."

Nami nilikuwa na swali langu: je, lile la nyuma litabaki kombo? Akanieleza kwamba la zamani likishatoka na nafasi ikiwapo, ulimi wenyewe hulisukuma jipya mbele. Mtoto arudishwe endapo la zamani litakaa imara wakati jipya linaendelea kukua.

Kisha akanionyesha nyuma kabisa, pale fizi ilipotuna. Hapo ndipo linapoota gego la kwanza la ukubwani. Gego hilo halisubiri jino lolote ling'oke, basi wazazi wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze, ilhali likiharibika halioti jingine. Tangu siku hiyo mswaki wa binti yangu naufikisha huko mimi mwenyewe, kwa kuwa mkono wake bado haupawezi.

Siku ya tisa alikuwa akila embe. Jino likabaki ndani ya embe! Damu ilikuwa matone machache. Akauma kitambaa safi kilichokunjwa kwa dakika kumi, ikakoma. Jino jipya lilionekana la manjano kidogo kando ya wenzake, na ndivyo yalivyo meno ya ukubwani.

Bibi yake akataka jino litupwe paani, kama walivyofanya wao. Mjukuu alikuwa ameshaupitisha ulimi kinywani, akihesabu.

"Bibi, yamerudi ishirini!"