Nionyeshe Namba Zikiwa Njiani

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza namba 4, 3, 1, 2 na umwambie azipange kwa njia ya kuchomeka, ile inayofanana na mtu anayepanga karata mkononi. Atakuandikia 1, 2, 3, 4. Jibu ni sahihi, lakini halikwambii kitu, maana hata mtoto wa chekechea angezipanga hivyo. Ndiyo maana kwenye diskasheni ninayoongoza Jumamosi jibu la mwisho silitazami. Nataka kuona namba zimekaaje baada ya kila mzunguko.

Na hizo namba nne sikuziokota tu. Darasani tumefundishwa njia tatu za kupanga, na kila moja inaacha alama yake mapema. Kwa kuchomeka, mzunguko wa kwanza unaichukua 3 na kuiingiza kabla ya 4, basi: 3, 4, 1, 2. Kwa kuchagua, namba ndogo kuliko zote inabadilishana nafasi na ya mwanzo: 1, 3, 4, 2. Kwa mapovu, kubwa inasukumwa hatua kwa hatua mpaka mwisho: 3, 1, 2, 4. Mstari mmoja tu unanionyesha jamaa ana njia gani kichwani, hata kama juu ya karatasi kaandika jina jingine. Ningewapa 2, 1, 3, 4, njia zote tatu zingemaliza kwenye mzunguko wa kwanza, na mimi nisingejua lolote.

Mzunguko wa mwisho wa kuchomeka ndio wenye utamu. Programu yenyewe ni hii:

```
for i in range(1, len(a)):
    key = a[i]
    j = i - 1
    while j >= 0 and a[j] > key:
        a[j + 1] = a[j]
        j = j - 1
    a[j + 1] = key
```

Tumefika 1, 3, 4, 2 na zamu ni ya 2. Hapa namwambia mtu aandike kila badiliko, asiruke. Waliokariri desa huandika 1, 3, 2, 4, kisha 1, 2, 3, 4, yaani namba mbili zinabadilishana nafasi kila mara. Matokeo ni yale yale, ila programu hii haifanyi hivyo. Inaisogeza 4 kulia, tunapata 1, 3, 4, 4. Inaisogeza 3, tunapata 1, 3, 3, 4. Halafu inakuta 1 si kubwa kuliko 2, inaacha kusogeza, na ndipo 2 inawekwa: 1, 2, 3, 4.

Juzi dada mmoja alifika kwenye 1, 3, 4, 4, akaweka kalamu chini.

“Kaka, hii imeharibika. 2 imeenda wapi?”

“Ulishaihifadhi wapi?”

Akarudi juu kwenye programu, akashuka na kidole mpaka `key`. Akacheka. Kwangu swali lake lilikuwa na thamani kuliko karatasi tano zenye jibu safi, kwa sababu aliyekariri hafiki mahali pa kuliuliza. Hajawahi kuiona 4 ikiwa mbili, kwa hiyo hajui `key` ipo kwa kazi gani. Siku akiisahau kwenye mtihani, 2 itafutwa kweli, na atabaki anashangaa kwa nini namba zake zinajirudia.

Kuna wanaofuatilia hatua zote bila kukosea hata moja, kama mashine, na bado hawajaelewa. Hao nawapa mstari mmoja tu, 1, 3, 4, 2, nawauliza: namba zipi zimeshafika kwao, hazitahama tena? Angalia, mstari huo unatokea kwenye njia mbili. Ni wa mzunguko wa kwanza wa kuchagua, na ni wa mzunguko wa pili wa kuchomeka. Wengi husema 1 imefika, kwa njia zote mbili, wakiitazama namba yenyewe badala ya njia iliyoileta hapo. Kwa kuchagua ni kweli: tumeshapita namba zote, hakuna ndogo kuliko hiyo. Kwa kuchomeka hakuna iliyo salama. Tunachojua ni kwamba 1, 3 na 4 zimepangana zenyewe kwa zenyewe, na namba ya nne hatujaigusa. Tena naifunika kwa kidole ili wasiione. Ingekuwa 0, hata ile 1 ingehama.