Barua ya Dada

Dada yangu alinitumia barua yake ya kuacha kazi niihariri, eti mimi ndiye mwandishi wa familia. Alikuwa muuguzi wodi ya wazazi, hospitali moja binafsi, ana stashahada, na chuo kilikuwa kimempa nafasi ya shahada. Kurasa mbili nzima! Zamu za usiku, wagonjwa 30 kwa wauguzi wawili, ruhusa ya masomo aliyonyimwa. Nilizipenda. Nikazifuta karibu zote.

Kilichobaki ni cheo chake, wodi, sababu na siku ya mwisho kazini. Na hiyo siku ndiyo aliyokosea: alikuwa ameingiza likizo yake ya siku 14 ndani ya notisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na notisi haihesabiwi pamoja na likizo. Tukahesabu upya: barua tarehe 1 Septemba, mwisho tarehe 29, likizo aombe alipwe fedha.

“Sasa yale ya usiku nitayasema wapi?” akaniuliza.

Ile rasimu ndefu bado ninayo.