System ilikula GB 17, mimi nikafuta video za shosho

Wasee, mwaka jana nilifuta video zote za shosho kwa sababu simu ilisema imejaa. Ni simu ya GB 32. Baada ya kufuta, apu zilikuwa GB 8, picha na video 6, nafasi iliyobaki 1. Halafu hapo chini: System, GB 17. Nikadhani ni virusi.

Kumbe hiyo namba ni hesabu ya kutoa tu. Kwenye simu nyingi za Android, simu inachukua ukubwa wake wote, inatoa nafasi iliyo wazi, inatoa kila kitu inachokitambua, na kinachobaki inakitupa kwa System. 32 toa 8, toa 6, toa 1: 17. Ndani kuna Android yenyewe na apu zilizokuja na simu, hizo hutoi. Lakini pia kuna logi, mafaili ya apudeti na mabaki ya hapa na pale.

Sasa utajuaje taka ni ngapi? Mimi nilihamisha vitu vyangu kwa laptopu ya beshte, maana kuriseti kunafuta kila kitu, kisha nikariseti. System ikarudi 12. Hiyo 12 ni ya simu yenyewe. Zile 5 ndizo zilikuwa taka.

Video za shosho zilikuwa GB 2. Alituacha Machi. Ningeriseti kwanza, zingekuwa bado hapa.