Nilipoharibu ramani ya gemu ya binamu

Wadau, leo najianika. Likizo Mtabila, Kasulu, nilikuta binamu yangu anachezesha madogo GTA San Andreas kwenye kompyuta yake. Nikajifanya fundi: nikapakua skini ya rada, nikabandika `hud.txd` juu ya ile ya zamani kwenye folda ya `models`. Rada ikapendeza balaa!

Dogo mmoja akasimamisha gemu, akafungua ramani kwenye menyu ili atafute pa kusevu. Akakuta kiraba cheupe. Kumbe menyu nayo inachota alama zake kwenye faili hilohilo, na aliyetengeneza skini aliisahau `radar_saveGame`. Binamu alininunia mpaka usiku.

Nikaomba `hud.txd` halisi kwa jirani, nikairudisha. Kisha nikaingiza Mod Loader, nikaiweka skini humu:

```
modloader/rada/hud.txd
```

Gemu inasoma ya humu, ya asili haiguswi. Ile alama niliitoa kwenye faili halisi kwa Magic.TXD, nikaiongeza kwenye skini kwa jina lilelile, herufi kwa herufi.

Siku hizi nikibadilisha skini, nafungua ramani kwanza. Ikizingua, naifuta folda ya `rada` tu. Wewe ulishaharibu gemu ya nani?