Zawadi ya Baba Asiyetaka Kitu

Kumchagulia mama zawadi si kazi ngumu, kwa kuwa mama husema. Akina baba wa rika la mzee wangu hawasemi. Ukimwuliza anataka nini, atakujibu, "Mimi sina haja, watazame watoto wako." Basi nitasimulia jinsi nilivyomchagulia baba yangu zawadi moja, na mambo mawili niliyoyajua juu yake kwa sababu ya zawadi hiyo.

Mzee wangu ni Mmbeere. Ujana wake aliumaliza Mombasa, akifanya kazi bandarini, na huko ndiko alikosilimu na kumwoa mama. Alipostaafu alirudi kwao, upande wa Ishiara katika kaunti ya Embu, na mama akafuatana naye. Mimi wakati huo nilikuwa nikisomesha Meru mjini, na kila nilipopata nafasi niliteremka kwa njia ya Chuka kwenda kuwazuru. Nyanda zile za chini ni kavu, zina migunga mingi, na mgunga ukichanua nyuki hawakosi. Baba alikuwa na mizinga ya magogo aliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mringaringa, akaitundika juu ya mti mkubwa ng'ambo ya korongo.

Mwaka mmoja, baada ya Idd ul-Fitr, nilimwuliza habari za asali. Akajibu kwa mkato, "Nyuki wamehama." Sikumwuliza zaidi. Alasiri nikatembea mpaka kwenye ule mti, nikasimama chini yake. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka katika mizinga yote, na wengi wao miguu yao imejaa chavua ya manjano. Nyuki wanaobeba chavua wana watoto wa kulisha. Hao si nyuki wanaohama.

Usiku nilimwuliza mama tulipokuwa peke yetu jikoni. Akainamisha uso, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyuki hawakuhama. Zilizohama ni nguvu za magoti ya baba yako. Tangu mwaka jana hajapanda mti. Usimwambie kuwa mimi nimekwambia."

Hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua: mzee wangu alikuwa radhi watu wadhani nyuki wamemkimbia, kuliko wajue kuwa hawezi tena kuwapandia. Hapo nikajua zawadi iwe nini, na nikajua pia kuwa sharti itolewe bila ya kumfedhehesha.

Kuna aina ya mzinga uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970. Ni sanduku la mbao ambalo pande zake zimeinama, juu pana na chini pembamba, nalo hutundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno cha mtu. Juu yake hupangwa fito za mbao, na kila ufito nyuki huning'iniza sega lake moja. Katika gogo, masega yameshikana na gogo lenyewe, na mrinaji hukata kwa kupapasa gizani, aghalabu akaharibu na majana, yaani watoto wa nyuki. Katika mzinga wa fito, mtu husimama chini, akainua ufito mmoja, akatazama, na akitaka akaurudisha.

Nilikwenda kwa seremala mmoja Meru mjini. Jambo nililolisimamia kwa rula ni upana wa fito: milimita 32, wala si zaidi wala si pungufu. Huo ndio mwendo wa nyuki wetu wa Kiafrika kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega lifuatalo. Ufito ukiwa mpana au mwembamba, nyuki hujenga sega likavuka kutoka ufito hadi ufito, na hapo huwezi kuinua mmoja bila ya kurarua wa pili. Fito 28 zikajaza sanduku la karibu sentimita 90. Tukaupakia juu ya matatu, tukateremka nao.

Sikumwambia baba, "Nimekuletea kwa sababu huwezi kupanda." Nilimwambia jambo jingine lililokuwa kweli pia: "Baba, wajukuu zako ni watoto wa mjini, hawajui kupanda miti. Nataka uwafundishe nyuki wakiwa wamesimama chini."

Aliuzunguka mzinga mara mbili. Akauweka mkono juu ya fito, akanitazama kitambo, akasema, "Mzinga huu hauna haja ya mti." Nikajua amefahamu. Kisha akaongeza, "Haya, tutawafundisha," na kuanzia hapo akawa yeye ndiye mwalimu. Alichagua mahali penye kivuli, mbali na nyumba na zizi. Akayeyusha nta ya zamani, akaipaka mstari katikati ya kila ufito upande wa chini, ili nyuki wajue pa kuanzia. Waya akazipaka grisi, siafu wasivuke. Nguzo akazifanya imara kwa ajili ya nyegere, mnyama ambaye akiufikia mzinga hauachi mzima.

Tuliutundika mwezi wa Septemba. Kundi la nyuki likaingia lenyewe Novemba, mvua za vuli zilipokwisha kuanza. Baba alikataza mtu kuugusa mpaka mvua za masika zipite.

Julai tukarina. Tuliingia magharibi ikiisha, na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Baba aliinua ufito mmoja mmoja, akimwonyesha kijana wangu. Sega lililofunikwa kwa nta karibu lote limeiva, likatwe. Lililo wazi bado lina maji, asali yake huchacha chupani, lirudishwe. Lenye majana lisiguswe. Alipofika kwenye masega matatu ya asali iliyoiva karibu na majana, aliyarudisha yote. Kijana akauliza kwa nini. Babu yake akamjibu, "Hiki ni chakula chao cha kiangazi. Ukikichukua, watahama kweli."

Asubuhi baba alijaza chupa ya kwanza, akamtuma kijana aipeleke kwa bibi mmoja mjane ng'ambo ya korongo. Nilimwuliza mama sababu. Ule mti mkubwa wenye mizinga, kumbe, umo katika shamba la bibi huyo. Marehemu mumewe ndiye aliyempa baba ruhusa ya kutundika, wakapatana kuwa kila mrino mwenye mti apate chupa. Mume alifariki, na baba hakuikata chupa ile.

"Na mwaka ule asipopanda?" nikauliza.

"Alinunua asali sokoni Ishiara," mama akasema, "akaijaza katika chupa ileile, akampelekea. Bibi wa watu hajui mpaka leo."

Hilo lilikuwa la pili. Nilidhani kilichomuuma mzee ni kuzeeka. Kumbe kulikuwa na ahadi aliyoiweka na maiti, na magoti yake yalikuwa yakimzuia kuitimiza kwa jasho lake mwenyewe.

Tangu siku ile, nikitaka kumpa mzee kitu simwulizi anataka nini. Huuliza kwa mama ni kazi gani ambayo ameiacha, na kisha hutafuta sababu yake kwa macho yangu. Na baba siku hizi hunipigia simu mwenyewe. Huanza kwa salamu, akauliza hali za watoto, kisha akanihesabia masega: mangapi yamefunikwa, mangapi bado, na mangapi atawaachia wenyewe.