Kinasa Sauti Hakioni Kidole

Kikao cha ukoo kilichukua saa mbili na dakika kumi na nne. Barua niliyomwandikia mwanetu aliyeko Toronto ilikuwa kurasa mbili. Kati ya urefu huo wa maneno na ufupi huo wa barua kuna kazi ya lugha ambayo, ndugu wapenzi wa Kiswahili, sijaona ikiandikwa popote, ingawa siku hizi karibu kila ukoo wenye mtoto ng'ambo unaihitaji.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kaka yangu mkubwa alifariki mwanzoni mwa Julai 2024, nasi tulikutana nyumbani Kibosho jioni ya Jumatatu, tarehe 8, kupanga mazishi na michango. Mwanawe wa kwanza, ambaye huniita baba mdogo, aliomba kikao kirekodiwe kwa simu. Kilirekodiwa. Lakini nusu ya mazungumzo yalikuwa Kichaga cha Kibosho, wazee walisema wawili wawili kwa wakati mmoja, na sauti ya mvua juu ya bati ilimeza mengine. Mtu aliyefiwa na baba, akiwa peke yake mbali, hawezi kuchambua hayo. Mwenyekiti wa ukoo akaniagiza nimwandikie.

Barua ya namna hii si muhtasari wa kikao kama unaoandikwa ofisini. Haianzi na mahudhurio wala ajenda. Huanza na pole, na pole yenyewe hutangulia peke yake bila kuambatana na fedha. Niliandika: "Mwanangu, msiba huu ni wetu sote, lakini najua kwako ni wa baba." Kisha nikaacha mstari mmoja mtupu kabla ya kuingia katika maamuzi. Anayeunganisha pole na mchango katika sentensi moja humfanya msomaji aone kwamba pole ilikuwa ngazi tu ya kufikia mfuko wake.

Baada ya hapo nilitanguliza jambo lililokuwa na saa yake, yaani siku ya maziko. Katika rekodi mwenyekiti anasikika akihitimisha: "Basi, tuseme Jumanne ijayo, kama mtoto atathibitisha safari kabla ya keshokutwa jioni." Kila mtu chumbani alielewa. Kwenye karatasi, hata hivyo, maneno hayo ni mtego. Anayesema "Jumanne ijayo" siku ya Jumatatu anaweza kueleweka kuwa anaitaja kesho yake. "Keshokutwa" huhesabiwa tangu siku ya msemaji, si ya msomaji. Na jioni ya Kibosho si jioni ya Toronto: mwezi Julai wao wako nyuma yetu kwa saa saba.

Tunapofundisha kauli taarifa huwaambia wanafunzi wabadili "kesho" kuwa "siku iliyofuata" na "leo" kuwa "siku ile". Kwa insha inatosha. Kwa barua inayosubiriwa na maiti, badala ya neno la wakati ni tarehe. Hivyo niliandika: "Ukithibitisha safari kabla ya Jumatano tarehe 10 Julai, saa 12 jioni ya hapa, ambayo kwako ni saa 5 asubuhi ya siku hiyohiyo, baba atazikwa Jumanne tarehe 16. Usipothibitisha, atazikwa Jumamosi tarehe 13." Tazameni jinsi viambishi viwili, -ki- na -sipo-, vinavyobeba uamuzi mzima. Rekodi ilikuwa na upande wa kwanza tu wa sharti. Upande wa pili, yaani Jumamosi, ulisemwa dakika arobaini nyuma yake na mtu mwingine, wote wakaitikia. Kazi ya mwandishi ni kuvikutanisha.

Jambo la pili lilikuwa mahali pa kaburi. Mdogo wetu wa mwisho anasikika wazi akisema: "Azikwe hapa, si pale." Sauti ni safi kabisa, na haina maana yoyote, kwa sababu kinasa sauti hakioni kidole. Tulikuwa tumetoka nje tukisimama katikati ya migomba, naye akionyesha. Wasioijua Kibosho watambue kwamba kwetu kila kihamba kina upande wa juu na wa chini, kwa maana ya kuelekea mlimani au kuelekea tambarare, na mzee kuzikwa juu au chini ya baba yake si jambo dogo. Kwa hiyo "hapa" iligeuka kuwa: "upande wa mlimani wa kaburi la babu yako, ndani ya mpaka wa masale, hatua sita kutoka kaburi hilo." Masale ndiyo mimea tunayopanda mipakani na makaburini. Mwenye kukulia pale ataliona kaburi akiwa amefumba macho.

Nikaja kwenye michango, ambako ndiko lugha hufanya madhara makubwa zaidi. Mhazini alitamka hesabu yake kwa pumzi moja: "Bajeti milioni nne na laki sita, ahadi milioni tatu laki moja na nusu, taslimu milioni moja laki nne na elfu themanini." Aliye mbali anaweza kujumlisha ahadi na taslimu, akapata 4,630,000, akaona bajeti imekwishapita. Sivyo. Katika daftari la msiba taslimu imo ndani ya ahadi: ni ile sehemu ya ahadi iliyokwisha kufika mezani. Niliiandika hivi: "Gharama zinakadiriwa kuwa shilingi 4,600,000. Ndugu wameahidi jumla ya 3,150,000. Kati ya hizo zimelipwa 1,480,000, bado 1,670,000. Ahadi zote zikitimia, tutapungukiwa 1,450,000." Neno dogo "kati ya hizo" ndilo linalozuia kosa.

Kisha kulikuwa na ahadi zenyewe. Shemeji yetu mmoja alisema: "Nitatoa laki mbili Ijumaa." Kanuni ya vitabu vingi vya sarufi hutaka -ta- igeuke -nge- katika kauli taarifa: "Alisema kuwa angetoa laki mbili." Nimeifundisha kanuni hiyo kwa miaka mingi, na darasani haina shida. Lakini isomeni kama atakavyoisoma mfiwa. "Angetoa" kwa masikio ya wengi ni ya mtu ambaye angetoa kama asingezuiwa na jambo fulani. Mtu mkarimu huonekana mdanganyifu kwa sababu ya silabi moja. Nikaiacha kanuni, nikaandika kitendo chenyewe cha kusema: "Shemeji yako ameahidi kutoa 200,000 Ijumaa tarehe 12." Kitenzi "ahidi" kinatunza uzito wa neno lake bila kugusa njeo.

Ila nilikuwa na tahadhari upande wa pili pia. Wawili walisema "nitajitahidi", na mmoja akasema "tutaona". Hizo si ahadi. Mhazini hakuziingiza daftarini, nami sikuziita ahadi. Niliandika tu kwamba ndugu watatu hawakutaja kiasi. Kuwaandikia "wamekataa" ni uongo, na kuwaandikia "wameahidi" ni uongo vilevile. "Hawakutaja kiasi" ni kweli, na ina heshima.

Sentensi iliyonikalisha muda mrefu kuliko zote ilimhusu yeye mwenyewe. Kikao kilipanga kila kaya ya ukoo itoe shilingi 50,000. Alipofikiwa mwanetu, mzee mmoja alisema: "Na huyo wa Kanada ataangalia mwenyewe." Watu wakacheka kidogo, mwenyekiti akapita. Je, ilikuwa ruhusa au dai? Huenda ni huruma kwa mwenye nauli kubwa ya kulipa. Huenda pia ni njia ya kiungwana ya kusema kwamba 50,000 kwake ni aibu. Kauli taarifa hailiwezi jambo kama hili, kwa sababu humlazimisha mwandishi kuchagua maana. Ningeandika "waliamua uchangie zaidi", ningekuwa nimemtoza kodi ambayo kikao hakikuipitisha. Ningeandika "wamekusamehe", ningemnyima nafasi ya kujua kwamba anaangaliwa.

Hapo ndipo alama za kunukuu zina kazi. Niliyaweka maneno ya mzee kama yalivyotamkwa, nikaongeza sentensi mbili zangu: "Kikao hakikukupangia kiasi cha peke yako. Kilichopitishwa kwa kaya zote ni 50,000." Nukuu ni yake, uamuzi ni wa kikao, na hitimisho ni la msomaji. Mambo hayo matatu yasichanganywe katika sentensi moja, na yasifichwe chini ya "ilisemwa kwamba". Kauli ya kutendwa hufaa pale ambapo mtenda hajulikani. Katika habari za ukoo mtenda hujulikana siku zote, na msomaji atakesha akimtafuta.

Yalikuwapo pia maneno makali. Mtu mmoja alitamka jambo kuhusu wanaoishi ng'ambo wakati wengine wakiwauguza wazee. Mwenyekiti alimtaka alifute, naye akalifuta na kuomba radhi mbele ya wote. Neno lililofutwa kikaoni si la kikao tena, kwa hiyo sikuliandika. Lakini rekodi ipo, na ipo siku mwanetu ataisikiliza. Akilikuta humo bila kudokezwa, ataona barua yangu ilimficha. Niliandika: "Palikuwa na maneno ya uchungu ambayo msemaji mwenyewe aliyaondoa na kuomba radhi. Sikuyarudia hapa." Huo ndio mpaka niliouona kuwa wa haki: kutaja kwamba yalikuwapo na jinsi yalivyokwisha, bila kuyapa uhai wa pili.

Kabla ya kuituma nilimsomea mwenyekiti barua yote kwa sauti. Alisikiliza kimya hadi mahali nilipoandika kwamba ndugu "wamekubali" tarehe 16. Akanyanyua mkono. "Mwalimu," akasema, "wawili hawakuipenda Jumanne. Walituachia tu." Tukatafuta neno pamoja. "Wamekubali" linampa kila mtu ridhaa yake mwenyewe. "Wamekubaliana" linasema walifika mahali pamoja, hata kama wengine walifika wakiburuta miguu. Tukaandika "wamekubaliana", akatia sahihi chini ya yangu, nami nikaipiga picha na kuituma usiku uleule.

Jibu lilikuja Jumatano, saa 4 asubuhi ya hapa, likiwa na namba ya ndege na saa ya kutua Kilimanjaro. Kuhusu fedha hakuuliza kitu. Aliuliza kama hatua sita zinapimwa kutoka kichwani mwa kaburi la babu au miguuni.